Elfu tano moja, uniti tatu tofauti: nimeambiwa nimekula hela ya umeme. Naombeni hesabu

Mama Nasra · 24 Machi, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mnisaidie kwa hesabu, maana hapa nyumbani nimeshaitwa mwizi.

Tuko wapangaji watatu Mbagala, mita ya LUKU moja, mwenye nyumba haishi hapa. Utaratibu wetu ni zamu: kila mmoja kwa mwezi ananunua umeme wa 5,000, anaingiza tokeni, basi. Mwezi huu imekuwa hivi:

Tarehe 2, jirani wa chumba cha kwanza alinunua 5,000, zikaingia uniti 28.7.
Tarehe 12, jirani wa chumba cha pili akanunua 5,000, zikaingia uniti 41.
Jana tarehe 23 ilikuwa zamu yangu. Nikanunua 5,000, zikaingia uniti 15.5.

Watu walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri umeme urudi. Mita ilipoonyesha 15.5, wa chumba cha pili akaniambia mbele ya watoto, "Umenunua ya 2,000, nyingine umeweka mfukoni." Nikamwonyesha meseji, akasema meseji huwa zinatengenezwa.

Hii hapa meseji yenyewe, nimeondoa tokeni na namba ya mita:

```
Units     15.5
Cost      4098.36
VAT 18%   737.70
EWURA 1%  40.98
REA 3%    122.95
TZS       5000.00
```

Sikuweka hata mia mfukoni. Nataka mtu anieleze hizo 15.5 zimetoka wapi, nimwonyeshe mwenzangu kwa karatasi.

---

Fundi Waya · saa 2:31 usiku

Pole dada. Hiyo mita inakimbia. Zima swichi kubwa, kaa nayo dakika kumi, uangalie kile kitaa chekundu kama bado kinawakawaka. Kikiwaka wakati swichi imezimwa, kuna waya unavuja au mtu kajiunganishia upande wenu. Nimeshakuta nyumba ya namna hiyo, jirani alikuwa anaendesha friji kwa mita ya mwenzake.

---

Mama Nasra · saa 2:38 usiku

Asante fundi, ila sijasema umeme unaisha haraka. Nasema uniti zenyewe zimeingia chache siku ya kununua, kabla hata hatujatumia.

---

Simba wa Temeke · saa 2:52 usiku

Dada, hapo hakuna wizi. Nyumba yenu ipo kwenye kundi la matumizi madogo, D1. Mkipita uniti 75 kwa mwezi mnahesabiwa 350 badala ya 100. Mmepita, kwa hiyo uniti zote za mwezi mnapigwa 350. Ndiyo maana.

---

Kikokotoo · saa 3:20 usiku

Mama Nasra, hujaiba na karatasi nakupa hapa hapa. Simba kataja kundi sahihi na bei sahihi, ila pale aliposema "uniti zote" amepotoka, na kosa hilo ndilo linalogombanisha nyumba nyingi.

Bei hizi zipo tangu EWURA ilipozipitisha zikaanza Aprili 2016. D1 uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni 100 kila moja. Kuanzia ya 76, ni 350 kila moja. Ile 350 hairudi nyuma kuzikamata zile 75 zilizotangulia. Kila mwezi mnakuwa na chungu cha uniti 75 za bei rahisi. Anayenunua kwanza anachota humo, na chungu kikikauka anayefuata anachota kwenye cha 350. Juu ya bei hiyo huongezwa VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya rahisi inakugharimu 122 mkononi na ya ghali 427.

Sasa twende tarehe kwa tarehe.

Tarehe 2. Huu ni ununuzi wa kwanza wa mwezi, na kodi ya jengo hukatwa hapo. Kwa nyumba ya kawaida ni 1,500. Zikabaki 3,500. Gawanya kwa 122, unapata 28.7. Ndiyo za jirani wa kwanza. Chunguni zimebaki 46.3.

Tarehe 12. Kodi imeshakatwa, 5,000 yote inakwenda kwenye umeme. Gawanya kwa 122, uniti 41. Jumla ya mwezi imefika 69.7, na chunguni zimebaki 5.3 tu.

Tarehe 23, zamu yako. Uniti 5.3 za mwisho kwa 122 ni shilingi 647 hivi. Pesa yako iliyobaki ni 4,353, na hapo bei imeshahama. Gawanya kwa 427, ni uniti 10.2. Jumlisha 5.3 na 10.2. Zako ni 15.5.

Jirani yako ameona 41 kwa pesa ile ile, akadhani tofauti imo mfukoni mwako. Tofauti ni kwamba yeye amekuta chungu kina 46.3, wewe umekuta kina 5.3.

---

Mama Nasra · saa 3:41 usiku

Mungu akubariki mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Kumbe hata huyo wa kwanza alipata chache kwa sababu ya kodi, na hakuna aliyemsema.

---

Simba wa Temeke · saa 3:55 usiku

Nimekubali la uniti zote. Ila hesabu ya makato hainiingii. Asilimia 22 ya 5,000 ni 1,100. Zinabaki 3,900. Kwa bei ya 100 ni uniti 39. Huyo wa chumba cha pili kapata vipi 41? Yeye ndiye wa kuchunguzwa.

---

Kikokotoo · saa 4:12 usiku

Simba, hiyo 22 haipigwi kwenye 5,000. Inapigwa kwenye bei ya umeme wenyewe, na 5,000 ndiyo jumla ya umeme pamoja na makato. Kwa hiyo hutoi asilimia 22, unagawanya kwa 1.22. Ukigawanya 5,000 kwa 1.22 unapata 4,098.36, namba ile ile iliyoandikwa `Cost` kwenye meseji ya Mama Nasra. Piga asilimia 18 ya 4,098.36, inakuja 737.70, sawa na meseji. Kwa njia yako `Cost` ingesoma 3,900, na haisomi hivyo.

Na kwa kuwa tumeifikia hiyo `Cost`, kuna jambo moja ambalo meseji haisemi. Haikuambii kwamba uniti zako zimetoka bei mbili. Inaandika `15.5` basi. Wewe ndiye wa kuiuliza: chukua `Cost`, gawanya kwa `Units`.

Ikija karibu na 100, zote zimetoka kwenye chungu cha rahisi. Ikija 350, chungu kilikuwa kimekauka kabla hujanunua. Ikiwa katikati, ununuzi wako umevuka mpaka. Wa Mama Nasra ni 4,098.36 kwa 15.5, inakuja 264. Umevuka.

Ikija 292 kila unaponunua, hapo ni habari nyingine kabisa. Maana yake mita haipo D1 tena, imepelekwa T1, kundi la bei moja kwa uniti zote.

---

Mwas wa Athi · 25 Machi, saa 12:40 asubuhi

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi niko Athi River na ninadhani Simba hakukosea sana, pengine amesikia ya kwetu. Huku Kenya, tangu bei za Aprili 2023, stima ya nyumbani iko na makundi matatu: hadi uniti 30, kisha 30 hadi 100, kisha zaidi ya 100. Lakini hawaangalii mwezi huu peke yake. Wanachukua wastani wa miezi mitatu, wanakuweka kwa kundi, na ukishawekwa, tokeni zako zote ni za bei ya hilo kundi. Hakuna za rahisi za kuanzia.

Wakati huo kundi la chini lilikuwa 12.22 na la kati 16.30, kabla ya makato mengine. Mtu wa wastani wa uniti 29 alikuwa analipa 354 na senti. Wa wastani wa 31 alikuwa analipa 505. Uniti mbili tu na tofauti ni shilingi 151. Mimi nilipanda kundi kwa sababu ya mgeni aliyekaa kwangu na pasi yake miezi miwili, na bei haikushuka siku aliyoondoka. Nilingoja hadi wastani ushuke.

---

Kikokotoo · saa 1:25 asubuhi

Asante sana Mwas, hili nililihitaji. Huko kwenu mpaka ni genge: ukikanyaga upande wa pili unaanguka na mzigo wako wote. Huku D1 ni ngazi: unapanda na uniti iliyozidi peke yake. Mtu akisoma tu "bei inapanda baada ya uniti kadhaa" hawezi kujua ni genge au ngazi, na majibu ni mbali mbali. Ikiwa ngazi yetu ingekuwa genge, uniti 85.2 za kina Mama Nasra zingewagharimu 36,380 badala ya 13,500.

---

Kijana wa Goba · saa 1:50 asubuhi

Mimi nashauri waombe kuhamia T1. Angalieni: uniti za ziada D1 ni 350, T1 ni 292 mwanzo hadi mwisho. Nyumba inayovuka kila mwezi inajitesa bure. Mimi nipo T1, kodi ya jengo ikishakatwa, nikinunua 5,000 napata uniti 14 tarehe yoyote, hakuna kushangaa wala kugombana.

---

Kikokotoo · saa 2:15 asubuhi

Kijana, 292 ni ndogo kuliko 350, hilo kweli. Ila ukihamia T1 unaacha pia uniti 75 za shilingi 100. Fanya kwa namba zao. Uniti 85 kwenye D1: 75 za kwanza ni 9,150, kumi za juu ni 4,270, jumla 13,420. Uniti 85 kwenye T1, kila moja 356 na senti baada ya makato, ni 30,280. Zaidi ya mara mbili.

Nimekokotoa ni wapi zinalingana. Kila uniti inayozidi 75, D1 inakugharimu 58 zaidi ya T1. Lakini kwenye zile 75 za mwanzo D1 imekuokoa 192 kila moja, yaani 14,400 kabla ya makato. Inabidi ule uniti 248 juu ya 75 ndipo akiba hiyo iishe. Zinalingana kwenye uniti 323 hivi kwa mwezi. Chini ya hapo D1 ni nafuu, hata ukiwa umevuka.

Kwa karatasi, lakini. Kwa kweli si rahisi nyumba inayotumia 300 kila mwezi iachwe D1, kwa sababu kundi hilo limewekwa kwa ajili ya wenye wastani wa 75.

---

Kijana wa Goba · saa 2:33 asubuhi

Hapo ndipo nilitaka kufika. Mimi sikuomba T1. Tulikuwa D1, tukanunua friji na birika la umeme, tukavuka miezi minne hivi mfululizo. Mwezi uliofuata, kodi ya jengo imeshakatwa, nanunua 5,000, naona uniti 14 badala ya 41. Nikadhani mtandao umekosea. Sasa nimegawanya kama ulivyosema: 4,098.36 kwa 14, inakuja 292.7. Kumbe nilihamishwa na sikujua kusoma.

---

Shangazi Tanga · saa 2:50 asubuhi

Kwetu ilikuwa miezi mitatu. Dada yangu alivuka muda mrefu kuliko hapo na bado yupo D1. Mimi nilirudishwa baada ya kuandika barua ofisini na kukaa chini ya 75 kwa miezi kadhaa, na kungoja huko kulinipa taabu. Tafadhali Mama Nasra, msizoee kuvuka.

---

Mama Nasra · saa 4:05 asubuhi

Sasa naogopa. Januari tulivuka, Februari hatukuvuka, Machi tumevuka. Nifanyeje? Nimeshafikiria tubadilishe, tuwe tunangoja tarehe 1 badala ya kununua mwishoni.

---

Simba wa Temeke · saa 4:20 asubuhi

Hiyo ndiyo dawa. Ukikaribia mwisho wa mwezi usinunue ya 5,000. Nunua ya kukufikisha tarehe 1 tu, halafu tarehe 1 chungu kimejaa upya. Mimi hufanya hivyo.

---

Mpita Njia 71 · saa 4:26 asubuhi

Siyo tarehe 1. Ni siku 30 tangu uliponunua mara ya mwisho.

---

Simba wa Temeke · saa 4:31 asubuhi

Ni tarehe 1. Nimenunua tarehe 31 jioni nikapata za ghali, nikanunua tena tarehe 1 asubuhi nikapata za 100. Siku haikuwa hata moja kamili.

---

Kikokotoo · saa 5:10 asubuhi

Simba yuko sahihi kuhusu tarehe 1. Mwezi unaohesabiwa ni wa kalenda, na kinachohesabiwa ni uniti ulizonunua, hata kama hujazitumia. Hapo ndipo kwenye nafasi ya kujiokoa, ila nafasi hiyo ni ndogo kuliko Simba anavyoifikiria.

Kusubiri tarehe 1 kunasaidia iwapo mwezi ujao mtatumia pungufu ya 75. Ikiwa nyumba inakula 85 kila mwezi, hizo kumi ulizozisukuma Aprili zitakula kwenye chungu cha Aprili, na mwisho wa Aprili mtakuwa mmekwama kwa ishirini. Umehamisha deni, hujalilipa.

Njia ya upande wa pili ndiyo wengi hawaitumii. Mama Nasra, Februari mlinunua kiasi gani?

---

Mama Nasra · saa 5:22 asubuhi

Februari tulinunua mara mbili tu, 5,000 na 5,000. Yule wa chumba cha kwanza alikuwa amesafiri, tukajikuta umeme umetutosha.

---

Kikokotoo · saa 5:47 asubuhi

Basi Februari mlinunua 28.7 na 41, jumla 69.7. Chungu kilibaki na 5.3, na usiku wa kuamkia Machi zikapotea. Uniti ulizokwisha kununua hubaki ndani ya mita hata miezi. Nafasi ya kununua kwa bei rahisi haibaki. Kama tarehe 28 Februari mngeongeza kama 650, mngeingia Machi na uniti 5.3 za shilingi 122 ndani ya mita. Machi hizo hizo 5.3 mmezilipia 427 kila moja, yaani 2,263. Mmepoteza kama 1,600.

Kwa hiyo mwezi mwepesi, mtu akisafiri au watoto wakiwa kwa bibi, jazeni chungu hadi 75 kabla mwezi haujaisha. Jumla ya umeme wa uniti 75 ni 9,150. Ukiongeza kodi ya jengo ya 1,500 ni 10,650. Namba hiyo iandikeni ukutani karibu na mita.

---

Mama Mwenye Nyumba · saa 6:15 mchana

Nimepita tu, ila nina nyumba ya wapangaji wanne na nimeshaamua ugomvi wa namna hii mara nyingi. Acheni zamu. Zamu inamfanya wa mwisho abebe 427 ya nyumba nzima. Tarehe 1 changeni 10,650, kila mmoja 3,550, nunueni kwa mkupuo mmoja. Zikiisha kabla ya mwezi, changeni tena kwa usawa, na wote mtaona 427 kwa macho yenu.

Na hiyo 1,500 ya kodi ya jengo siyo yenu. Ni ya mwenye nyumba. Mimi kwangu nairudisha kwenye pango.

---

Mama Nasra · saa 7:02 mchana

Mama, mwenye nyumba wetu tulimwambia mwaka jana, akasema "imeingia kwenye LUKU, ya anayewasha taa." Hatukuwa na la kujibu.

Nina swali kuhusu hiyo ya kuchanga. Tukinunua wote kwa mkupuo tutapata uniti nyingi zaidi?

---

Kikokotoo · saa 7:30 mchana

Hapana, na ni vizuri umeuliza kabla hujawaahidi majirani. Mwezi huu mmetoa 15,000 mkapata 85.2. Mkichanga tarehe 1, mtatoa 10,650 mpate 75, kisha 4,355 mpate 10.2. Jumla ni 15,005. Ni pesa ile ile, mita haijui nani kanunua wala mara ngapi. Mkupuo mmoja unaondoa ugomvi tu. Gharama haishuki mpaka uniti zishuke.

Kushusha gharama ni kutafuta uniti kumi na kuziacha. Nani nyumbani ana birika la umeme?

---

Mama Nasra · saa 7:36 mchana

Wa chumba cha kwanza. Anachemsha maji ya chai asubuhi na ya kuoga mtoto jioni.

---

Kikokotoo · saa 8:05 mchana

Geuza birika hilo, soma kibandiko chini. Mengi ni wati 2,000 hivi. Likiwa hivyo, likiwaka dakika 10 kwa siku, mwezi wa siku 30 ni dakika 300, yaani saa 5. Kilowati 2 kwa saa 5 ni uniti 10.

Ni zile kumi zenu. Kwa mtu anayeishi peke yake na kutumia uniti 40, birika hilo hilo ni 1,220 kwa mwezi. Kwenu, kwa kuwa limekaa juu ya 75, kulizima kunawaokoa 4,270. Kifaa hakijabadilika, kilichobadilika ni mahali kinapoangukia kwenye ngazi.

---

Fundi Waya · saa 8:40 mchana

Kikokotoo, hapo napinga kidogo. Kwa nini birika ndilo liwe juu ya 75? Huenda mwenye birika akasema zangu ni zile za mwanzo, za juu ni za televisheni ya Mama Nasra inayowaka hadi usiku. Umeme haukuandikwa majina. Nimefunga mita ndogo za ndani kwenye nyumba nyingi, kila chumba yake. Zinakuambia nani katumia ngapi, hazikuambii nani katumia za 350.

---

Kikokotoo · saa 9:15 alasiri

Fundi, umesema kweli na sina jibu la mwisho. Ukiuliza "tukizima hiki tutaokoa ngapi," jibu ni 427 kwa uniti, kwa kifaa chochote cha chumba chochote, mpaka mfike 75. Ukiuliza "nani alipe ngapi," hesabu inakupa zaidi ya njia moja.

Kwa mita ndogo, ya kwanza ni kugawa wastani. Machi, umeme peke yake ulikuwa 13,500 kwa uniti 85.2, sawa na 158 na nusu kila uniti. Zidisha kwa alizotumia kila mmoja. Ya pili ni kumpa kila chumba uniti 25 za rahisi, maana 75 kwa watatu ni 25, na anayevuka 25 zake alipe 427. Tuseme vyumba vimetumia 20, 25 na 40.2. Kwa wastani, mwenye 20 analipa 3,169. Kwa njia ya pili analipa 2,440. Mwenye 40.2 kwa wastani analipa 6,370. Kwa njia ya pili, 25 zake ni 3,050 na 15.2 za juu ni 6,490, jumla 9,540.

---

Shangazi Tanga · saa 9:28 alasiri

Jumlisha hiyo ya pili. 2,440 na 3,050 na 9,540 ni 15,030. Umeme wote ulikuwa 13,500. Imezidi 1,530.

---

Kikokotoo · saa 9:50 alasiri

Umenikamata vizuri, asante. Imezidi kwa sababu wa kwanza hakumaliza 25 zake, na zile 5 alizoacha zilitumiwa na wa tatu kwa bei ya 122 huku nikimtoza 427. Uniti 5 mara 305 ni 1,525, iliyobaki ni ya kukata desimali. Sasa hiyo 1,525 ni ya nani? Wa kwanza anaweza kusema nimekupa nafasi yangu, inipunguzie mimi. Wa tatu atasema mita ilinipa kwa 122, sidaiwi. Njia hii mkiichagua, hilo mliamue kabla ya mwezi kuanza.

---

Mama Mwenye Nyumba · saa 10:20 alasiri

Kwangu ni wastani na mita ndogo, basi. Nilijaribu ile nyingine miezi miwili, mpangaji mmoja akahama.

---

Mama Nasra · 25 Machi, saa 3:30 usiku

Nimerudi na mrejesho. Nimeandika hesabu ya Kikokotoo kwenye daftari la Nasra, tarehe kwa tarehe, nikamkalisha wa chumba cha pili. Nikamwambia atoe meseji yake mwenyewe ya tarehe 12, agawanye kwa simu yake. Ikaja 99.96. Yangu ikaja 264. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilikula za 100, wewe ukabaki na za 350." Akaniomba radhi pale pale, na mtoto akasikia.

Aprili tunachanga 3,550 kila mmoja tarehe 1. Hilo wote watatu tumekubaliana.

Birika tumeligeuza, ni wati 1,850. Mwenyewe amesema maji ya mtoto atayachemsha kwenye mkaa, ya chai haachi. Kuhusu mita ndogo hatujaelewana. Fundi, nakutumia ujumbe pembeni unipe bei ya kufunga tatu.